Acheni Kusoma Mstari wa Kwanza Peke Yake

Haya, tuanze. Kontena nyote mnalijua, wakala mnaye, sitapoteza muda huko. Nina ugomvi na mstari wa kwanza wa kotesheni, ile karatasi ya bei anayokupa wakala wa mizigo: mstari ule wenye nauli ya meli kwa herufi nene. Mtu anapokea kotesheni mbili, anasoma mistari miwili ya kwanza, anachukua iliyo ndogo. Kisha analalamika kwamba amepigwa. Hukupigwa, ndugu yangu. Hukusoma.

Tuchukue kontena moja la futi 40 kutoka Ningbo, China, kuja Dar es Salaam. Bei ni za mfano, msiende nazo kwa wakala. Kotesheni ya kwanza inasema dola 2,450, tozo za meli zote ndani. Ya pili inasema nauli 1,900, BAF, yaani tozo ya mafuta, 190, na PSS, yaani tozo ya msimu, 150. Mnajumlisha haraka haraka mnapata 2,240, mnafurahi. Sasa sogezeni macho kulia, kwenye kile kisafu chembamba kinachoonyesha kipimo. Nauli imeandikwa kwa kontena. BAF na PSS zimeandikwa "per TEU". TEU moja ni kontena la futi 20, kwa hiyo la futi 40 linahesabiwa mbili. BAF inakuwa 380, PSS inakuwa 300, na jumla ni 2,580. Ile "rahisi" imeshaizidi ya kwanza kwa dola 130, na bado hatujafika chini ya ukurasa.

Chini kuna THC ya Ningbo, dola 140. Hiyo ni gharama ya gati kulipokea kontena, kulipanga na kulifikisha kwenye meli. Umenunua kwa masharti gani? Kama ni FOB, muuzaji ndiye anayebeba gharama mpaka mzigo uwe ndani ya meli, na kwa kawaida ameshaiweka THC hiyo kwenye bei ya bidhaa. Ukilipa tena kwa wakala, umeilipa mara mbili. Najua kuna atakayesema, "Mzee, dola 140 ni kitu gani?" Zidisha kwa makontena kumi, halafu uniulize tena.

THC ya huku tunakoshushia ina hadithi yake. Kotesheni nyingi huandika tu kwamba italipwa kwa viwango vya bandarini, bila namba. Hapo uliza maswali mawili: bili atatoa nani, meli au gati? Na ni kiasi gani kwa kontena la ukubwa wangu? Usilinganishe kotesheni yenye namba hiyo na isiyo nayo, maana aliyeiacha wazi ataonekana rahisi siku zote.

Turudi kwenye BAF, tozo ya mafuta. Meli hulinganisha bei ya mafuta ya sasa na bei ya msingi, huzidisha tofauti hiyo kwa kiasi kinachokadiriwa kuchomwa kwa kila kontena kwenye njia husika, na kampuni nyingi hupitia hesabu hiyo kila robo mwaka. Ndiyo maana inakuja kama kiasi maalumu. Wakala akikuandikia asilimia ya nauli, mwulize inatoka wapi: nauli ikipanda maradufu, meli haichomi mafuta maradufu. Mwulize pia kama ndani yake mna tozo ya mafuta yenye salfa kidogo, ile iliyoingia na kanuni ya 1 Januari 2020, iliyoshusha kiwango kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Isije ikawa imeandikwa tena peke yake mistari miwili chini.

PSS ni tozo ya msimu wa shehena nyingi, hasa kabla ya Krismasi na kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina. Wako wanaobisha wakiambiwa PSS imewekwa kwa sababu ya Bahari ya Shamu: "Vurugu za kule zinatuhusu nini, meli ya kutoka China kuja Dar haipiti kule?" Haipiti, kweli. Lakini meli za kwenda Ulaya zilipoanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema mwishoni mwa 2023, safari zilirefuka, zikahitajika meli na makontena zaidi, na upungufu ukafika hata kwenye njia zisizogusa bahari hiyo.

Kinachowaumiza kwenye PSS ni tarehe. Kotesheni inasema bei inatumika hadi tarehe 30. Tarehe 30 ya nini? Ya kuweka nafasi, ya kontena kuingia bandarini, au ya meli kuondoka? Umeweka nafasi tarehe 25, kiwanda kikachelewa, kontena likapakiwa tarehe 3: PSS mpya ya mwezi huo inakuangukia, na wakala ana haki kama aliandika "subject to PSS", yaani bei inaweza kuongezewa PSS. Mwambie aandike ni tukio gani linalofunga bei.

Naona naonyeshwa saa. Mizigo ya kuchangia kontena nilitaka kuipa nafasi yake, basi nitasema moja: nauli ikiwa sifuri kwa mita ya ujazo, mkamateni wakala kwenye gharama za kushushia Dar, ndiko anakorudishia pesa yake. Haya, nani alileta kotesheni yake? Iweke mezani tuanze na kile kisafu cha kulia.