Ruhusa ya Admini kwa Saa, na Ufunguo wa Dharura Kabatini: Tunaseti Microsoft Entra Hatua kwa Hatua

Habari zenu wadau, leo tuko Mtwara mjini na kioo mnachokiona mbele yenu ni `entra.microsoft.com`, ukurasa wa Microsoft Entra, mfumo wa kusimamia akaunti na ruhusa za watumiaji. Kampuni tunayoitumia ni ya mfano tu: ina ghala la korosho huku Mtwara, ofisi ndogo Lindi na mhasibu mkuu anayekaa Dar. Barua pepe, mafaili na mfumo wa stakabadhi, vyote viko kwenye wingu la Microsoft.

Tuingie `Roles & admins`, tubofye `Global Administrator`, halafu tuangalie waliomo. Wapo sita. Wote wana ruhusa ya juu kabisa usiku na mchana, hata wakiwa wamelala, hata mmoja wao akibofya kiungo cha kitapeli kwenye simu akiwa kwenye boda. Microsoft wenyewe wanashauri wasifike watano. Sisi tunataka asiwepo hata mmoja mwenye ruhusa hiyo muda wote, isipokuwa akaunti mbili za dharura. Mtu akiwa na kazi ataomba, ataidhinishiwa, atapewa saa zake, na muda ukiisha ruhusa inajizima.

Chombo cha kazi hii kinaitwa Privileged Identity Management, wengi tunakiita PIM. Kinahitaji leseni ya Entra ID P2 au Entra ID Governance, kwa hiyo ikague leseni yako kwanza usije ukatafuta menyu ambayo haitakufungukia.

Sasa shikilieni mpangilio. Wengi wanakimbilia kuwanyang'anya watu ruhusa, akaunti ya dharura wanaiacha ya mwisho. Mimi naanza na dharura. Ukikosea seti ya idhini kabla hujawa na mlango wa nyuma, umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe.

Hatua ya kwanza: `Users`, `New user`, `Create new user`. Tunatengeneza akaunti mbili, na zote zinaishia na `onmicrosoft.com`, siyo kikoa cha kampuni. Kikoa kikiharibika, au seva inayounganisha watumiaji wa ofisini ikianguka, hizi haziguswi. Usizipe jina la mtu, wala usiziunganishe na namba ya simu ya mtu. Mtu anahama kazi na laini yake anaondoka nayo.

Kisha nenda PIM, `Microsoft Entra roles`, `Add assignments`, chagua `Global Administrator`. Kwenye ukurasa unaofuata kuna `Eligible` na `Active`. Kwa akaunti hizi mbili chagua `Active`, kisha tiki `Permanently assigned`. Najua inaonekana kama tunavunja sheria tuliyoiweka dakika mbili zilizopita. Lakini `Eligible` maana yake mtu lazima apitie PIM kuiwasha ruhusa, na siku ya dharura huenda PIM yenyewe ndiyo imekwama, au mwidhinishaji hapatikani. Akaunti ya dharura haitakiwi kutegemea kitu kilekile inachokuja kukiokoa.

Sasa namna ya kuingia. Zamani watu waliandika nywila ndefu kwenye karatasi, wakaifungia kabatini, basi. Tangu Oktoba 2024 Microsoft walianza kulazimisha uthibitisho wa ziada kwa kila anayeingia kwenye kurasa hizi za usimamizi, na akaunti za dharura hazikusamehewa. Nywila peke yake haikufikishi tena. Kwa hiyo tunatumia ufunguo wa FIDO2, hiki kidude cha USB kidogo kama flashi. Kila akaunti na wake. Unaiundia akaunti `Temporary Access Pass`, yaani nywila ya muda mfupi, unaingia nayo mara moja `mysignins.microsoft.com`, unafungua `Security info`, unasajili ufunguo na kuuwekea PIN.

Hapa sogeeni karibu na kamera. PIN hii tunaiandika kwa mkono, inaingia kwenye bahasha, bahasha inapigwa lakiri. Iangalieni hiyo 1 yangu, nimeiandika wazi isifanane na 7. Ufunguo wa FIDO2 unavumilia PIN mbaya mara 8 mfululizo, na baada ya hapo unajifunga. Kuufungua ni kuufuta wote, na ukiufuta, usajili wa akaunti umeondoka nao. Usiku wa manane mtu ana kihoro, anasoma mwandiko wa daktari: nane zinaisha upesi kuliko unavyodhani.

Ufunguo na bahasha visikae kwa mtu mmoja. Ni kama ghala lenye kufuli mbili, ya mtunza ghala na ya mwenye mali. Kwetu ufunguo wa kwanza uko kabatini Mtwara kwa meneja, bahasha yake iko kwa katibu. Wa pili uko Dar, kwa mpango huohuo. Kwa nini usiwe wote Dar, makao makuu? Kumbukeni Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara kule Somanga. Anayetegemea gari lilete ufunguo kutoka Dar angesubiri. Na tuambizane ukweli: mwezi huohuo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Akaunti ya dharura haitibu tatizo hilo. Inatibu kufungiwa nje, haitibu kukosa mtandao.

Jambo moja kabla hatujatoka hapo. Fungua `Conditional Access`, zilipo sera za masharti ya kuingia, ingia sera moja baada ya nyingine, na kwenye `Exclude` ziweke akaunti za dharura. Kosa linalowafungia watu nje mara nyingi ni sera hizihizi: mtu anaweka sharti kwamba kompyuta lazima iwe imesajiliwa, anasahau kwamba hata yake haijasajiliwa, anabofya `On`, kwisha habari.

Hatua ya pili ni kengele. Akaunti yenye nguvu hivi ikiingia, lazima watu washtuke. Kwenye `Diagnostic settings` tuma `SignInLogs`, yaani logi za walioingia, kwenda Log Analytics, ghala la logi la Microsoft, kisha tengeneza kanuni ya tahadhari kwa swali hili:

```
SigninLogs
| where UserId in ("ID-YA-KWANZA", "ID-YA-PILI")
```

Tumia Object ID ya akaunti, siyo jina lake, maana jina linaweza kubadilishwa. Weka ikague kila dakika 5, na matokeo yakizidi 0 ipige. Sisi tunapeleka barua pepe kwa watu watatu pamoja na arifa kwenye app ya Azure ya simu. Logi huchelewa dakika kadhaa kufika, usitegemee ilie papo hapo.

Sasa ndiyo tunakuja kwenye idhini. PIM, `Microsoft Entra roles`, `Roles`, `Global Administrator`, `Role settings`, `Edit`. Muda wa juu uliokuja nao ni saa 8. Hiyo ni siku nzima ya kazi, hakuna kazi ya Global Administrator hapa kwetu inayochukua siku nzima. Tunashusha hadi 2. Tunawasha uthibitisho wa ziada, tunawasha sababu ya maandishi, tunawasha namba ya tiketi, kisha `Require approval to activate`.

Hapa usipite haraka. Kisanduku cha waidhinishaji ukikiacha tupu, mfumo unawachukua wenye Global Administrator na Privileged Role Administrator. Sasa kama hao wote umeshawafanya `Eligible`, nani ameshika ruhusa sasa hivi ya kumwidhinisha mwenzake? Hakuna. Kila mmoja anamsubiri mwingine. Wataje watu kwa majina, wasipungue wawili. Mwidhinishaji hahitaji kuwa admini, anaweza kuwa mhasibu mkuu au meneja, muradi anajua nani anafanya kazi gani na simu yake anaipokea. Mtu hawezi kujiidhinisha mwenyewe, na ombi lisipojibiwa ndani ya saa 24 linakufa. Bosi ambaye Ijumaa mchana hapatikani hadi Jumatatu, mpe heshima nyingine, hii usimpe.

Halafu tunawahamisha wale sita, mmoja mmoja. Mwongezee `Eligible`, mwondolee `Active`, mwache ajaribu kuwasha mbele yako. Ukimwachia `Active` wakati wa jaribio hutajua chochote, maana ruhusa anayo tayari. Akifanikiwa, nenda kwa wa pili.

Tuone ombi lenyewe. Tumwite fundi wetu Somoe. Saa 2 usiku, msimu wa mnada, karani wa Lindi amepoteza simu na hawezi kuingia kupandisha orodha ya mizigo. Somoe anafungua `My roles`. Angalieni anachochagua: siyo Global Administrator, ni `Authentication Administrator`. Kumsajilia karani njia mpya ya kuingia, hiyo inatosha, na seti zake tumeziweka kwa mtindo uleule wa idhini. Anabofya `Activate`, anaweka saa 1, anaandika: "Karani wa Lindi amepoteza simu, namsajilia njia mpya, amethibitishwa na mkuu wake kwa sauti." Mwidhinishaji akisoma hivyo anajua la kufanya. Sababu iliyoandikwa "kazi" tu, ikataeni, hata kama ni ya rafiki yako.

Mwidhinishaji anaingia `Approve requests`, anasoma, anampigia Somoe simu kuhakikisha ni yeye, anabofya `Approve`. Somoe akiona bado anagomewa japo PIM inasema ruhusa imewaka, atoke aingie upya. Kivinjari kimeshikilia tokeni ya zamani, yaani kibali alichopewa alipoingia mara ya kwanza. Akimaliza kabla ya muda anabofya `Deactivate`. Dakika 5 za mwanzo kitufe hicho hakikubali. Na jueni upande wa pili wa tokeni: baadhi ya programu hushikilia iliyokwishatolewa, na umri wake wa kawaida ni kati ya dakika 60 na 90. Kwa hiyo ukimshuku mtu, kuzima ruhusa hakutoshi, nenda kwenye akaunti yake ubofye `Revoke sessions` asipate tokeni mpya, japo iliyokwishatolewa inaweza kuendelea kwenye baadhi ya programu hadi umri wake uishe.

Limebaki zoezi. Kila siku 90, na kila mara mtu wa TEHAMA anapoondoka, tunafungua kabati. Mwenye ufunguo na mwenye bahasha wanakaa pamoja, lakiri inavunjwa, akaunti inaingia, tunaangalia kama bado ina Global Administrator. Hatubadilishi kitu. Tunatoka, tunaweka PIN mpya, bahasha mpya, sahihi mbili na tarehe juu yake. Wakati huo mtu wa tatu yuko ofisi ya Lindi, hajaambiwa saa, anangoja simu yake ilie. Isipolia ndani ya robo saa, akaunti imepona lakini kengele imekufa, na hapo tunarudi `Diagnostic settings` kuangalia kama logi bado zinatoka.