Dizeli ya Desemba, urari wa Januari

Wenzangu wahasibu wa Malindi, asanteni kwa kuja. Najua Desemba yetu ilivyo: wageni wamejaa, umeme ukikatika jenereta inanguruma, na bili ya dizeli ya mwezi huo inafika tarehe 14 Januari. Leo nitaifuata bili hiyo moja tu, ndani ya mfumo wetu wa uhasibu, Business Central.

Chukueni nyumba ya wageni, mfano wangu wa kubuni. Mwaka 2024 ilipata 8,400,000, ikatumia 6,900,000. Akaunti za mali na madeni hazina shida, salio lake linavuka lenyewe. Za mapato na matumizi ndizo lazima zirudishwe sifuri na faida, 1,500,000, ihamie faida limbikizi. Kazi hiyo ni ya `Close Income Statement`. Kitufe cha `Close Year` chenyewe hakihamishi hata senti. Wengi wanakibonyeza wakaenda kulala. Tena `Close Income Statement` huandaa mistari ya jonali tu. Usipoiposti, hujafunga kitu. Mistari hiyo hubeba tarehe ya ajabu, `C31/12/24`, ambayo mfumo huiweka baada ya tarehe 31 Desemba na kabla ya tarehe 1 Januari.

Haya, tumefunga. Bili ya dizeli 120,000 inakuja, karani anaiposti kwa tarehe 29 Desemba. Mfumo unaikubali, unaitia tu alama ya `Prior-Year Entry`. Deni la muuza mafuta linavuka vizuri. Lakini faida limbikizi imebaki 1,500,000, na akaunti ya dizeli inaingia 2025 ikiwa na 120,000 mgongoni.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Urari unalingana! Debiti ya dizeli na krediti ya muuza mafuta zipo zote mbili. Ndiyo maana hakuna anayeshtuka, mpaka meneja aulize jenereta imekunywa nini mwezi huu. Mimi hutoa salio la tarehe `C31/12/24` na kupitia akaunti za mapato na matumizi pekee. Yoyote isiyo sifuri, ndiyo niliyokuwa nikiitafuta.

Dawa yake ni kuendesha `Close Income Statement` tena, kwa namba mpya ya hati. Itazoa 120,000 iliyobaki tu, na ukishaposti faida limbikizi itasoma 1,380,000. Wenzetu wa SAP hawana adha hii: wakishahamisha salio mara moja, posti za mwaka uliopita husahihisha salio la kufungulia zenyewe.

Ila kama mkaguzi ameshatia sahihi, usiguse 2024 bila kuongea naye.

Na kabla ya yote, kadirieni hiyo dizeli tarehe 31 Desemba, mgeuze ingizo hilo tarehe 1 Januari, kisha bili ikija iposti Januari. Mkishamaliza, kwenye `General Ledger Setup` wekeni `Allow Posting From` iwe 01/01/25. Karani atalalamika. Mwacheni alalamike.