Moto au Asidi: Metali Zipi Hurudi Kutoka kwenye Betri ya Lithiamu Iliyochoka

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Jioni hii nitachukua kilo 100 za unga wa aina moja tu, nizipitishe kwenye tanuru, kisha kilo 100 nyingine kama hizo nizipitishe kwenye asidi, tuone kila njia inaturudishia nini.

Unga wenyewe ni ule unaopakwa kwenye foili ya aluminiamu, upande chanya wa betri za magari mengi ya umeme. Kwa kila sehemu sita za nikeli una mbili za manganizi na mbili za kobalti, ndiyo maana mafundi huuita NMC 622. Ukipiga hesabu kwa uzito wa atomi, kilo 100 zina nikeli kilo 36, kobalti 12, manganizi 11 na lithiamu 7. Zilizobaki ni oksijeni. Kilo 7 za lithiamu zinaonekana haba, lakini viwanda vya betri havinunui lithiamu tupu, vinanunua chumvi zake. Zikigeuzwa kuwa lithiamu kaboneti, kilo hizo 7 zinafika karibu 38. Kwa hiyo anayezitupa hatupi kitu kidogo.

Tuanze na moto. Huko Hoboken, kando ya Antwerp nchini Ubelgiji, kampuni ya Umicore ilifungua mwaka 2011 kiwanda kinachoweza kupokea tani 7,000 za betri kwa mwaka. Uzuri wa tanuru ni kwamba halichagui sana. Betri za simu, za kompyuta na za magari zinaweza kuingia pamoja bila kusagwa kwanza. Plastiki na grafiti, ambazo kwingine ni kero, humo ndani huwa kuni. Zinatoa joto, na kaboni yake inazinyang'anya metali oksijeni. Joto likivuka nyuzi 1,400 kila kitu kinayeyuka na kujitenga matabaka mawili: aloi nzito chini, na slagi, yaani uchafu ulioyeyuka, juu.

Nani anashuka na nani anaelea? Hapo ndipo kiini cha mhadhara huu. Kila metali ina kiwango chake cha kung'ang'ania oksijeni. Shaba, nikeli na kobalti huiachia kwa urahisi, basi kaboni ikiichukua, zenyewe zinabaki metali na kushuka kwenye aloi. Chuma kiko katikati, hugawanyika. Manganizi huishikilia zaidi, na sehemu yake kubwa hupanda kwenye slagi. Lithiamu na aluminiamu ndizo zinazoishikilia kuliko zote, na hazimwachii kaboni katika joto hilo. Lithiamu huenda kwenye slagi, na nyingine huungana na florini au klorini ikapaa na kuwa vumbi la bomba la moshi.

Kwa hiyo katika kilo 100 zetu, tanuru linarudisha nikeli na kobalti karibu zote, pamoja na shaba ya foili ya upande hasi. Manganizi inapotea kwa sehemu kubwa. Lithiamu inalala kwenye slagi, na kwa miaka mingi slagi ya namna hiyo imekuwa ikiishia kwenye zege. Kuitoa humo inawezekana, lakini ni kazi ya pili yenye gharama yake, kwa sababu slagi ni kubwa na lithiamu ndani yake imetawanyika. Tena aloi yenyewe bado ni mchanganyiko. Ili kuitenga nikeli na kobalti, ni lazima iyeyushwe kwa asidi. Ndiyo maana sikubali hizi njia zinapoelezwa kama wapinzani: mwenye tanuru naye anamalizia kwenye maji.

Sasa anayeanza moja kwa moja na asidi. Yeye hana budi kwanza kuishiwisha betri chaji, kisha kuisaga ndani ya hewa ya naitrojeni isiwake moto, kuikausha na kuichekecha. Anapata unga mweusi: ule wa NMC uliochanganyika na grafiti na vipande vidogo vya foili. Unga huo unawekwa kwenye asidi ya salfuri yenye joto la nyuzi 60 hadi 80, na hidrojeni peroksaidi inaongezwa. Peroksaidi ina kazi maalumu. Kobalti ya kwenye unga iko katika hali isiyopenda kuyeyuka, na peroksaidi ndiyo inayoishusha hadi hali inayoyeyuka. Ikipungua, kobalti inabaki kwenye masalia. Wageni wa kazi hii wananaswa hapo, maana grafiti isiyoyeyuka nayo ni nyeusi, na kwa macho huwezi kujua kama masalia ni grafiti tupu au yamebeba kobalti. Dawa ni moja: yaoshe, yakaushe, uyapime maabara.

Hatua inayoniumiza kichwa zaidi ni ya aluminiamu. Vipande vya foili vikiwa vingi, kwanza vinatoa hidrojeni ndani ya asidi, na hiyo ni hatari ya mlipuko. Baadaye, pH inapopandishwa kufika 4 au 5 ili chuma na aluminiamu vigande na kuchujwa, aluminiamu inakuwa ute mzito. Ute huo unaziba vitambaa vya kichujio na unameza nikeli. Ukiona keki ya kichujio ina rangi ya kijani hata baada ya kuoshwa, jua nikeli yako inaondoka na taka. Tiba iko nyuma kabisa, kwenye kuchekecha. Foili ikiondolewa mapema, shida yote hiyo inapungua.

Mchanganyiko ukishasafika, vimumunyisho vya kikaboni huchota manganizi, kisha kobalti, kisha nikeli, kila moja kwa pH yake. Lithiamu inabaki ya mwisho. Huongezwa sodiamu kaboneti, na maji huchemshwa, kwa sababu lithiamu kaboneti ina tabia ya ajabu: kadiri maji yanavyopata joto ndivyo inavyoyeyuka kidogo. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 inabeba gramu 13 hivi, lakini ya nyuzi 100 inabeba 7 tu. Hata hivyo hizo 7 zinabaki majini, na katika hatua zote zilizotangulia kila mchujo umeondoka na tone lake. Njia ya asidi inarudisha metali zote nne, ila lithiamu, kwa kuwa ya mwisho, ndiyo inayolipa deni la uzembe wote wa mwanzo. Nalo bwawa la sodiamu salfeti linalobaki linahitaji mahali pa kwenda.

Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2023, umeweka viwango. Kufikia mwisho wa 2027 kobalti, nikeli na shaba zirudi asilimia 90, lithiamu asilimia 50. Kufikia mwisho wa 2031 lithiamu ipande hadi 80. Tanuru pekee, bila kuigusa slagi, haliwezi kufika hapo.

Na betri zisizo na nikeli wala kobalti? Betri za chuma na fosfeti zimo kwenye pikipiki nyingi za umeme na taa nyingi za sola hapa kwetu. Kilo 100 za unga wake zina chuma kilo 35 na lithiamu kilo 4 na ushee. Tanuruni zinakuachia shaba tu, na fosforasi inaichafua aloi. Kwenye asidi hafifu yenye peroksaidi, mambo yanageuka: lithiamu inatoka, chuma na fosfeti vinabaki vigumu. Lithiamu inakuwa ya kwanza kutoka badala ya ya mwisho.

Mbinu inayofanana na hiyo inatumika sasa hata kwa NMC. Unga mweusi unaokwa na grafiti yake mwenyewe bila hewa, kwenye nyuzi 700 hivi, chini kabisa ya joto la kuyeyusha. Nikeli na kobalti zinapoteza oksijeni, lithiamu inakuwa kaboneti, na inaoshwa kwa maji matupu kabla ya asidi kuguswa. Kwa maoni yangu huko ndiko kwa kuwekeza fedha: moto mdogo, maji kwanza, asidi baadaye.

Karibuni maswali.