Yale yasiyomo kwenye git: mhadhara kuhusu noti ya makabidhiano

Habari za jioni jamani, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niongee kuhusu ile noti anayoandika frilansa anapomwachia mradi developa anayefuata, na mimi nitashika mradi mmoja tu, wa Laravel, niliopokea kutoka kwa mtu ambaye sikuwahi kuongea naye hata kwa simu. Noti yake ilikuwa mistari minne.

```
composer install
cp .env.example .env
php artisan key:generate
php artisan migrate
```

Kwa laptopu iko sawa kabisa, ukiifuata ukurasa wa kuingia unatokea. Shida ni kwamba mimi sikuwa kwenye laptopu, nilikuwa nahamisha mradi kwenda seva mpya, watu wanautumia kila siku. Mstari wa pili nikauruka maana `.env` ya kweli nilishaikopi kutoka seva ya zamani, nikaenda wa tatu, ikaniuliza kama nina uhakika kwa kuwa hii ni seva halisi, nikajibu `yes` kwa sababu noti ilisema hivyo.

Kwanza watumiaji wote wakatolewa nje, ikabidi waingie upya. Nikasema sawa, tumehama seva, si ajabu. Wakaingia kwa pasiwedi zao zilezile, zikakubali, nikatulia. Baada ya saa mbili hivi karani mmoja akafungua ukurasa wa taarifa za mteja wa zamani, ukurasa ukagoma, na kwenye faili la logi kukawa na hii:

```
DecryptException: The MAC is invalid.
```

Sababu yake iko hivi. `APP_KEY` ndiyo inayofunga kuki za watumiaji, ndiyo maana wote walitolewa nje. Pasiwedi haziguswi na ufunguo huo, zenyewe zinahifadhiwa kama heshi, ndiyo maana ziliendelea kukubali na zikanidanganya kwamba kila kitu kiko salama. Ila yule developa wa kwanza alikuwa amefunga safu ya namba za vitambulisho vya wateja kwa kutumia `encrypted` kwenye modeli, kazi nzuri sana kwa kweli, na safu ile inafungwa na kufunguliwa kwa `APP_KEY` hiyohiyo. Ukiipoteza, data imeenda, hakuna wa kumpigia simu akupe nyingine.

Seva ya zamani ilikuwa haijafutwa bado, ufunguo wa awali nikaupata. Lakini ndani ya zile saa mbili kulikuwa na wateja wapya waliosajiliwa, namba zao zimefungwa kwa ufunguo mpya, kwa hiyo databesi moja ina rekodi za funguo mbili, ukirudisha wa zamani unaharibu hawa, ukibaki na mpya unaharibu wale. Kuanzia Laravel 11 kuna njia ya kutoka hapo:

```
APP_KEY=base64:UFUNGUO_MPYA
APP_PREVIOUS_KEYS=base64:UFUNGUO_WA_ZAMANI
```

Inafunga kwa mpya siku zote, na kwenye kufungua inajaribu mpya kwanza, ikigoma inajaribu za zamani. Halafu unapitia rekodi zote, kila moja inasomwa na kuandikwa upya, na mpaka uhakikishe zote zimepita usithubutu kuutoa ule wa zamani. Kama mradi uko chini ya 11 itabidi uandike skripti yako mwenyewe inayoshika funguo zote mbili.

Sasa angalieni, haya yote yangezuilika kwa sentensi mbili za noti. Mimi nikiondoka kwenye mradi ule niliandika hivi, nawasomea ilivyo: "`APP_KEY` inafunga safu ya namba za vitambulisho kwenye jedwali la wateja. Usiendeshe `key:generate` kwenye seva, hata ukihama, beba ileile, nakala yake iko kwenye hifadhi ya pasiwedi ya mteja." Basi. Kodi ipo kwenye git, developa anayefuata ataisoma mwenyewe, hana haja nikamwelezea kontrola zangu. Noti ni ya yale ambayo git haiyajui.

Na siri zenyewe haziandikwi kwenye noti, wala hazitumwi kwenye meseji, maana noti itafowadiwa, itapakuliwa, itakaa kwenye simu ya mtu usiyemjua. Kwa kila siri naandika jina lake kwenye `.env`, inafungua nini, inatolewa wapi, akaunti ni ya nani, na ikibadilika kinavunjika nini. Hilo la akaunti ni ya nani wengi tunalipita haraka halafu linatuumiza, kwa sababu unakuta huduma ya meseji imesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya frilansa, akiondoka mteja hana mlango. Hamisheni akaunti ziwe za mteja kabla ya siku ya mwisho, na kama haikuwezekana iandikwe waziwazi.

Kingine, kabla hujaandika kwamba `.env` haimo kwenye git, hakikisha haikuwahi kuwemo:

```
git log --all --full-history -- .env
```

Ikirudisha chochote maana yake siku moja iliingia, na kuifuta baadaye hakusaidii, historia inaikumbuka na kila mtu aliyewahi kuvuta mradi anayo. Kusafisha historia inawezekana ila haifikii nakala zilizoko kwenye mashine za watu, kwa hiyo dawa ni kubadilisha siri zote zilizokuwemo. Na kama `APP_KEY` ilikuwemo ndo mnarudi kwenye ile njia ya funguo mbili niliyoeleza.

Nije kwenye kubadilisha sasa, maana developa anayepokea kazi yake ya kwanza ni hiyo, na hapa ndipo mtego wa pili ulipo. Chukua ufunguo wa huduma ya meseji. Unatengeneza mpya, unaweka kwenye `.env`, unatuma meseji ya majaribio kutoka kwenye ukurasa, inafika, unaenda kuufuta ule wa zamani kwa mtoa huduma. Kesho yake wateja wanalalamika hawapati vikumbusho. Meseji za kwenye ukurasa zinaenda, vikumbusho haviendi, unaanza kumshuku mtoa huduma.

Kumbe vikumbusho vinatumwa na woka wa foleni, ile prosesi ya `queue:work` inayokaa imewaka nyuma muda wote, na ikishawaka inabeba kodi na mipangilio yake kwenye memori, haisomi `.env` upya. Inaendelea na ufunguo wa zamani mpaka uiwashe tena. Na kwenye seva zilizokeshi mipangilio hata ukurasa wenyewe hausomi `.env`, unasoma keshi. Kwa hiyo ukishabadilisha siri yoyote:

```
php artisan config:cache
php artisan queue:restart
```

Hiyo ya pili haiui kazi iliyo katikati, inamwambia woka amalize aliyonayo ndipo atoke. Ila yeye akitoka kuna mwingine wa kumwasha, kwa kawaida Supervisor, na faili lake liko `/etc/supervisor/conf.d` kwenye seva, halimo kwenye mradi. Usipoliandika kwenye noti, developa mpya akijenga seva upya foleni itajaa kimyakimya wala hakuna kosa litakaloonekana popote. Kroni nayo ni vilevile, ule mstari wa `schedule:run` unaishi kwenye seva, na ukiutafuta kwa `crontab -l` ukiwa umeingia kwa jina lako huenda usiuone kwa sababu umewekwa chini ya `www-data`, kwa hiyo andika upo chini ya nani. Mimi lile faili na huo mstari navikopi vilivyo navibandika kwenye noti.

Mpangilio wa kubadilisha siri basi uwe huu: tengeneza mpya huku ya zamani bado hai, weka, keshi, restati, jaribu kwenye ukurasa na kupitia foleni vilevile, ndipo ufute ya zamani. Ukianza na kufuta umezima huduma mchana kweupe.

Mwisho bagi zinazojulikana. Watu wanaandika "ripoti wakati mwingine inatumwa mara mbili" halafu wanaondoka. Hiyo inamwachia mwenzako wiki nzima ya kuhangaika, na ndo kilichonipata mimi. Kila mwisho wa mwezi mteja anapata barua pepe mbili za ripoti ileile, kwenye laptopu yangu nikijaribu inakuja moja, mara kumi, moja moja. Nikaangalia seva inavyomwasha woka:

```
php artisan queue:work --tries=3 --timeout=300
```

Na kwenye `config/queue.php`, `retry_after` ilikuwa 90, ile inayokuja na Laravel. Ripoti ya mwisho wa mwezi inachukua kama dakika 2. Hesabu yake fanyeni pamoja nami. Sekunde ya 0 woka wa kwanza anaichukua. Sekunde ya 90 foleni inaona kimya, inadhani amekufa, inairudisha, woka wa pili anaichukua. Sekunde ya 120 wa kwanza anamaliza na kutuma. Sekunde ya 210 wa pili naye anamaliza na kutuma. Kwenye laptopu nilikuwa na woka mmoja, akiwa bize hakuna mwingine wa kuidaka, na akimaliza anaifuta, kwa hiyo huwezi kuiona hata ukijaribu mwaka mzima. Na ripoti za katikati ya mwezi ni fupi, zinaisha kabla ya 90, ndo maana ikaonekana ni ya "wakati mwingine".

Sheria yake ni kwamba `--timeout` lazima iwe pungufu ya `retry_after` kwa sekunde kadhaa. Nikaweka `retry_after` iwe 330, ikakoma.

Kwa hiyo bagi ambayo hujaitibu iandike na mazingira yake: inaonekana lini, ulijaribu wapi ikakataa kutokea, unashuku nini, na kama kuna kiraka umeweka kiko wapi na kikitolewa kitatokea nini. "Inatokea mwisho wa mwezi tu, kwenye seva yenye woka 2, laptopu yenye woka 1 haitokei." Mtu akinipa sentensi hiyo nusu ya kazi imeisha, hata kama yeye mwenyewe hakujua sababu.

Na noti ukishaimaliza ijaribu kabla ya kuituma, fungua folda tupu au mashine tupu, fuata noti neno kwa neno bila kutumia kichwa chako, kila unapolazimika kukumbuka kitu ambacho hakijaandikwa, kiandike. Kisha mwambie mwenzako afungue `~/.ssh/authorized_keys` kwenye seva, aweke ufunguo wake, aingie kwanza ahakikishe anafika, ndipo autoe wa kwako, na wewe ujaribu kuingia ukiwa bado naye kwenye simu mpaka seva ikukatalie.