Barua ya kuomba kazi ya kuongoza watalii: aya moja ya viboko

Habari zenu, karibuni hapa Bagamoyo, kwenye steshenari yetu. Leo tunaandika barua ya kuomba kazi kampuni ya safari. Anwani yako juu kulia, yao kushoto, tarehe, kisha YAH: MAOMBI YA KAZI YA KUONGOZA WATALII. Hayo mmeyasoma shuleni, tusonge mbele.

Kazi iko aya ya pili. Wengi wanaoleta barua hapa kuchapa wameandika, "Ninawafahamu wanyama wote vizuri." Futa. Chagua mnyama mmoja na mahali pamoja. Mimi napenda kiboko wa Mto Wami, pale Saadani, kwa sababu kwenye boti ujuzi, usalama na hadithi vinakuja pamoja.

Subirini, feni inapeperusha karatasi... haya, sasa inasomeka. Nasoma:

"Kabla boti haijaondoka, nahakikisha kila mgeni amefunga jaketi la kujiokolea. Tukiona viboko, namwomba nahodha apunguze mwendo na abaki mbali, wala tusiwazibie njia ya kwenda kwenye kina, kwa kuwa kiboko akishtuka hukimbilia huko. Akituelekea huku akiachama, hatusubiri picha, tunarudi nyuma. Tukiwa mahali salama nawaomba wageni wahesabu kimyakimya tangu kichwa kinapozama. Wakati wanahesabu nawaambia kwamba haogelei, anatembea chini mtoni, na usiku atatoka kula majani nchi kavu. Kichwa kikiibuka, kila mmoja anataka kutaja hesabu yake."

Mmeona hapo kwenye kuachama? Mgeni anadhani ni miayo, wewe unajua ni onyo. Sentensi hiyo moja inaonyesha ujuzi kuliko orodha ya majina ya wanyama ishirini.

Sasa sikilizeni sana. Usiandike ulivyowasogeza wageni karibu na mnyama. Narudia, usiandike, hata kama walifurahi na wakakupa bahashishi nono. Anayesoma ndiye atakayeulizwa mgeni akiumia, na akiona "niliwafikisha karibu kabisa na tembo", barua anaiweka pembeni. Na "sijawahi kupata ajali" nayo haimsaidii, maana haimwambii unafanya nini. Mwandikie unachofanya: unasimama wapi, unageuka lini. Kabla ya kuchapa, pitia tena utafute neno "karibu". Kama linahusu mnyama, rekebisha.

Kuhusu hadithi, mimi sipendi "ni msimuliaji mzuri". Kule kuhesabu kimyakimya kumeshasema. Kama pia unatembeza watu magofu ya Kaole, ongeza sentensi moja, basi, urudi porini.

Aya ya mwisho fupi: lugha unazozungumza, na lini unaweza kuanza. Ambatisha nakala za cheti cha uongozaji na cha huduma ya kwanza, ukiangalia kama hiki cha pili hakijaisha muda. Saini kwa kalamu ya bluu, ndiyo ninayoipenda. Halafu weka namba mbili za simu, moja ya mtu wa nyumbani, maana ukiwa porini mtandao unakatika na wao wanapiga mara moja tu.