Mtori Unapoficha Dalili: Saratani ya Umio

NEEMA: Karibu msikilizaji, tuko Moshi. Leo ni saratani ya umio, lile bomba linaloshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mwenzangu kaka Elia ni muuguzi, ameshinda sana kwenye chumba cha endoskopi, wanakopima umio kwa kamera. Kaka, mgonjwa akifika huwa anasemaje?

ELIA: "Chakula kinanikwama hapa," na kidole anakiweka kifuani. Ukimdodosa, utasikia ilianza na nyama choma. Akashushia na maji, ikapita. Baadaye ugali, halafu hata wali. Akifikia kushindwa uji na maji, amechelewa. Umio unatanuka, dada, kwa hiyo uvimbe unakua kimyakimya. Siku nyama inapoanza kukwama, njia imeshabana sana.

NEEMA: Na huku kwetu kuna mtori.

ELIA: Hapo ndipo dalili inapojificha! Nyama ikishindikana anahamia mtori, anashiba, nyumbani hakuna anayeshtuka. Wengine wanameza dawa za vidonda vya tumbo miezi kadhaa. Mtu mzima ugali ukianza kumkwama, na mkanda unatobolewa tundu jipya, asisubiri dawa ya asidi imsaidie. Aende akapimwe kwa kamera.

NEEMA: Tupe mfano wa kufuata mpaka mwisho.

ELIA: Tuseme ni mzee wa miaka 58 kutoka Marangu, sasa anakula vya majimaji tu. Kamera inaona uvimbe katikati ya umio, urefu sentimita 6. Kinachukuliwa kipande kidogo cha uvimbe huo, maabara inathibitisha saratani ya ngozi laini ya ndani ya umio, ambayo ndiyo aina iliyo nyingi Afrika Mashariki. Watoto wake wanasema: "Muwekeeni mpira ale, tumrudishe nyumbani."

NEEMA: Mpira huo ndio stenti?

ELIA: Ndiyo, ila ni mrija wa nyavu za waya. Unaingia umebanwa, ukitelezeshwa juu ya waya mwembamba. Ukiachiwa mahali pake unajitanua wenyewe, na siku moja au mbili baadaye umefunguka vya kutosha. Kwa huyu mzee tungetumia wa kama sentimita 10, uzidi 2 kila upande, maana ukiwa mfupi uvimbe unaota ukingoni na kuziba tena. Kifua kitamuuma siku chache, lakini anaanza kula. Mimi naipenda kazi hiyo, kumwona mtu anameza tena. Ila saratani yenyewe haijaguswa.

NEEMA: Kwa hiyo watoto wamekosea?

ELIA: Wameharakisha. Kwanza picha ya sitiskani ya kifua na tumbo. Ikionyesha haijasambaa, na mzee ana nguvu, lengo ni kumponya. Stenti hapo inaweza kuharibu mambo: inaweza kutoboa umio, na tiba ikipunguza uvimbe, mrija unalegea na kuteleza. Bora alishwe kwa mpira wa puani au wa tumboni huku anatibiwa.

NEEMA: Anatibiwaje?

ELIA: Kemo, yaani dawa za kuua saratani, na mionzi kwa pamoja. Kuna utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2012: dawa mbili, kaboplatini na paklitakseli, mara moja kwa wiki kwa wiki 5, na mionzi mara 23. Wiki kadhaa baadaye ndipo upasuaji: umio unaondolewa, tumbo linavutwa juu lichukue nafasi yake. Kwa waliokuwa na aina kama ya mzee wetu, karibu nusu hawakukutwa na chembe ya saratani kwenye kilichokatwa.

NEEMA: Nusu! Sasa hao walipasuliwa kwa nini?

ELIA: Swali zuri. Ni kwamba kabla ya kupasua ni vigumu kuwa na hakika nani amepona kabisa. Asiyeweza kuhimili upasuaji, maana ni mkubwa na unatikisa mapafu, anapewa mionzi zaidi pamoja na kemo, kisha anafuatiliwa kwa karibu. Mionzi inaweza kumaanisha safari ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Familia ipange nauli na malazi ya wiki zote, kwa sababu kukatiza katikati kunaipunguzia tiba nguvu.

NEEMA: Na kama imeshasambaa kwenye ini?

ELIA: Hapo upasuaji hauna faida, na ninawaunga mkono watoto. Stenti iwekwe, ameze kwa miezi iliyobaki. Kemo inaweza kuongezwa akiwa na nguvu.

NEEMA: Akirudi nyumbani na stenti, wamwangalie nini?

ELIA: Ale ameketi wima, atafune sana, anywe maji kila baada ya matonge machache. Mnofu mkubwa utaziba mrija. Akikwama ghafla, arudi hospitali. Na akianza kukohoa kila anapokunywa maji, hiyo siyo mafua. Huenda kuna tundu kati ya umio na bomba la hewa, na vinywaji vinaingia mapafuni. Arudi siku hiyohiyo, asinyweshwe kitu njiani. Tundu hilo mara nyingi huzibwa kwa stenti yenye utando.