Leseni ya Mshauri wa Fedha Uingereza: Nani Huitoa na Nani Huichunga

Ndugu zangu, habari za mchana. Wengi wetu hapa ni wauguzi, watunza wazee, madereva na watumishi wa halmashauri, na kila mmoja ana pensheni inayokatwa kwenye mshahara mwezi hadi mwezi. Kwa hiyo nitazungumza juu ya yule anayekuja kukushauri uifanyie nini pensheni hiyo. Anapaswa kuwa na nini mkononi ili awe na haki ya kufungua mdomo?

Uingereza, kutoa ushauri binafsi wa uwekezaji au pensheni kama biashara bila idhini ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Huduma za Fedha na Masoko ya mwaka 2000, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka miwili. Anayetoa idhini ni FCA, mamlaka ya udhibiti iliyoanza kazi Aprili 2013. Hapa ndipo wengi hukosea: idhini hiyo hupewa kampuni. Mshauri aliyeketi mbele yako hufanya kazi ndani ya idhini ya kampuni yake, au kampuni yake ndogo hujisitiri chini ya kampuni kubwa inayobeba dhamana ya ushauri wake. Akitoka kwenye kampuni hiyo leo, kesho hana ruhusa ya kukushauri, hata awe na vyeti ukuta mzima.

Ili kampuni ipate idhini, FCA huchunguza wakurugenzi wake, mpango wa biashara na mtaji. Kampuni ndogo ya ushauri lazima iwe na mtaji usiopungua pauni 20,000, na ikikua kiwango hupanda kulingana na mapato yake. Lazima pia iwe na bima ya dhima ya kitaaluma, inayolipa mteja anapopata hasara kwa ushauri mbovu. Baada ya hapo inapeleka taarifa za hesabu, malalamiko na bima kwa FCA mara kwa mara. Bima ikikatika, kampuni iko mashakani papo hapo.

Tuje kwa mtu mwenyewe. Tangu mwisho wa 2012 mshauri wa uwekezaji kwa wateja wa kawaida anatakiwa awe amefaulu mitihani ya ngazi ya 4, inayolingana na mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Asiyemaliza hufanya kazi chini ya msimamizi. Siku hizo hizo kamisheni kutoka kwa makampuni yanayouza uwekezaji ilipigwa marufuku kwa ushauri mpya, ili mshauri alipwe na mteja kwa ada iliyo wazi.

Lakini kufaulu mtihani ni mara moja tu. Kila mwaka mshauri lazima apate hati ya hadhi ya kitaaluma kutoka chama kinachotambuliwa, kama vile CII au CISI. Ili aipate, athibitishe kwamba amefanya saa 35 za kujiendeleza katika miezi 12, na 21 kati ya hizo ziwe za mafunzo rasmi yenye malengo, na kwamba amefuata maadili. Kwa upande mwingine, tangu Desemba 2019 kampuni yenyewe inawajibika kumpima kila mwaka na kumpa cheti kwamba anafaa. Inaangalia uaminifu na sifa yake, uwezo wake wa kazi, na hali yake ya fedha binafsi. Kabla ya kumwajiri iliomba barua za kumwelezea kutoka kwa waajiri wake wa miaka sita iliyopita, na mwajiri aliyejua makosa yake hawezi kuyanyamazia.

Mimi naona nguvu ya mfumo huu iko hapo, katika kupimwa upya kila mwaka. Udhaifu wake uko mahali pengine: anayempima mshauri ndiye anayefaidika na mauzo yake.

Tuliona matokeo yake Port Talbot, Wales, mwaka 2017. Mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa chuma, British Steel, ulikuwa unapangwa upya, na wanachama walipewa miezi michache kuchagua. Pensheni yao ilikuwa ya uhakika, inayolipa kiasi kinachojulikana hadi kifo. Lakini waliruhusiwa kuihamisha iwe fungu la fedha taslimu la kuwekeza wenyewe, na kwa thamani inayozidi pauni 30,000 sheria iliwalazimu kwanza kupata ushauri wa kampuni yenye ruhusa. Washauri wakamiminika mjini. Wanachama karibu 8,000 wakahama. FCA ilipochunguza baadaye iliona kwamba asilimia 46 ya ushauri huo haukufaa.

Chukua mfano wa mfanyakazi wa miaka 52 ambaye pensheni yake imethaminiwa pauni 400,000. Mshauri anamwambia ada ni asilimia 2, na italipwa akihama tu. Akihama, kampuni inapata pauni 8,000. Akibaki, haipati kitu. Hapo mshauri mwenye vyeti vyote na hati yake ya mwaka ana sababu 8,000 za kumwambia ahame. Malipo ya namna hiyo yalikuja kupigwa marufuku Oktoba 2020, isipokuwa kwa wateja wachache wenye shida maalumu. Tuseme hasara yake ikahesabiwa kuwa pauni 140,000, na kampuni imefilisika. Mfuko wa fidia, FSCS, hulipa kisichozidi pauni 85,000. Zile 55,000 zimepotea. Kwa kampuni zilizoanguka kabla ya Aprili 2019 kikomo kilikuwa pauni 50,000, yaani angepoteza 90,000.

Dada mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: sasa mimi nitajuaje? Fungua Rejesta ya FCA mtandaoni, ni bure. Tafuta jina la mshauri na la kampuni. Tazama kama mshauri ameorodheshwa kwenye kampuni hiyo hiyo aliyokutajia, tangu lini, na kabla ya hapo alikuwa wapi. Kisha ingia kwenye ruhusa za kampuni. Kuhamisha pensheni ya uhakika kunataka ruhusa ya peke yake, na Rejesta huiandika hivi:

`Advising on Pension Transfers and Pension Opt Outs`

Soma mstari mzima. Kampuni nyingi zina ruhusa ya kushauri juu ya uwekezaji, na mwishoni mwa mstari wao kumeandikwa `except on Pension Transfers and Pension Opt Outs`, maana yake hilo la pensheni wamekatazwa. Ukishamaliza, piga simu kwa namba iliyo kwenye Rejesta, usipige ile uliyopewa, kwa sababu matapeli huazima jina na namba ya usajili ya kampuni halali.

Na ninyi wa NHS, nawaomba mlishike hili. Pensheni yenu haina fungu lililowekezwa, na tangu Aprili 2015 sheria hairuhusu ihamishiwe kwenye mfuko wa kuwekeza mwenyewe. Mtu akikwambia atakutolea pensheni ya NHS ukajenge nyumbani, huna haja ya kutafuta jina lake kwenye Rejesta, kata simu. Wa halmashauri hali yenu ni tofauti: mfuko wenu una mali iliyowekezwa na kuhama kunawezekana, kwa hiyo ninyi ndio mtakaofuatwa, na ninyi ndio mnaohitaji kuusoma ule mstari wa ruhusa kabla ya kutia saini karatasi yoyote.